Kelele za jirani usiku: namna ya kumwandikia mwenye nyumba bila kumshutumu mtu

Mama mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, alifika studio kwetu akiwa na simu mkononi na hasira usoni. Anapanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, choo cha pamoja, bomba moja uani. Huamka saa 10 alfajiri awahi mzigo ukiwa bado haujapanda bei. Chumba cha tatu anakaa kijana mwenye sabufa, yeye yuko chumba cha nne. Ukuta ni mmoja.

Alikuwa ameshamwandikia mwenye nyumba. Akanionyesha ujumbe wenyewe, na ameniruhusu niutoe hapa mradi nisimtaje jina: "Mzee huyu mvuta bangi uliyetuletea anapiga muziki kila siku usiku kucha makusudi kwa sababu anajua mimi ni mjane. Chagua moja, mimi au yeye."

Mwenye nyumba anaishi Sengerema, ng'ambo ya maji. Alipopata ujumbe ule hakuuliza swali hata moja, aliutuma kama ulivyo kwa yule kijana. Jioni yake kijana akamsubiri mama bombani, mbele ya wapangaji wote, akamtaka athibitishe hiyo bangi. Mama hakuwa na la kusema, maana bangi hajawahi kuiona. Alisikia tu watu wakisema. Kuanzia hapo habari ya muziki ikasahaulika kabisa. Nyumba nzima ikawa inajadili nani kamtukana nani, na sabufa ikaendelea kama kawaida.

Wengi wenu mnaotusikiliza mko vijijini na mnaweza kuona hili ni jambo la mjini. Lakini mwenye mtoto aliyepanga chumba Magu, Nansio au Sengerema mjini analijua, na hata mwenyewe ukipanga chumba senta wakati wa msimu wa samaki au pamba, ukuta ni uleule. Kwa hiyo nitawaeleza tulivyouandika upya ujumbe wa mama huyu, hatua kwa hatua, na kilichotokea baadaye.

Maneno yaliyouharibu ujumbe wa kwanza

Usome tena ule ujumbe. Una mambo manne ndani yake, na ni moja tu ambalo mama alilijua kwa masikio yake: kwamba kulikuwa na muziki usiku.

"Mvuta bangi" ni habari ya tabia ya mtu. Haihusiani na usingizi wa mama, na zaidi ya hapo ni tuhuma ya kosa la jinai. Ukimwandikia mtu wa tatu jambo la namna hiyo bila ushahidi, anayetajwa anaweza kukugeuzia kesi ya kumchafulia jina, na ujumbe wa simu haufutiki kwa sababu umeufuta wewe. Mwenzako anao. "Makusudi" ni habari ya nia, na nia iko moyoni mwa mtu, huwezi kuisikia kupitia ukutani. "Kila siku usiku kucha" ni hesabu, na hesabu inaweza kukaguliwa. Siku moja tu ikikosekana, kijana atasema: "Jumanne sikuwepo hata nyumbani, muulizeni dereva." Hapo mwenye nyumba ataanza kutilia shaka na yale mengine yote, hata yaliyo kweli.

Tulipokuwa chuo cha utangazaji mwalimu alikuwa akitukata kalamu nyekundu kwa kosa hilohilo. Andika ulichosikia, alikuwa akisema, si unachodhani. Nilidhani ni sheria ya habari tu. Kumbe inafaa hata kwenye nyumba ya kupanga.

Halafu kuna lile la "chagua mimi au yeye". Mwenye nyumba ana wapangaji wawili wanaolipa kodi. Ukimlazimisha achague, hujui atamchagua nani. Anaweza kumchagua aliyelipa miezi sita mbele, ukaambiwa wewe ndiye utafute kwingine.

Daftari la siku 14

Nilimwomba mama arudi nyumbani, asimwandikie mtu yeyote kwa wiki mbili, aandike tu. Alichukua daftari la mauzo, akageuza nyuma. Kila usiku aandike mambo matatu: sauti ilianza saa ngapi, ikaisha saa ngapi, na ilikuwa sauti ya nini. Usiku usio na kelele nao uandikwe: "kimya". Hilo watu wengi huliruka, na ndilo linalolipa daftari uzito. Daftari lenye kelele kila mstari linaonekana limeandikwa na mtu mwenye kisirani. Daftari lenye "kimya" mara tisa linaonekana limeandikwa na mtu mkweli.

Kuna mtego mmoja wa saa ambao lazima niueleze. Kwa simu yako, tarehe inabadilika saa 6 usiku. Kwa mazoea yetu, usiku bado ni uleule mpaka kuche. Ukiandika "Jumapili saa 8 usiku kulikuwa na muziki", mmoja ataelewa usiku wa kuamkia Jumapili na mwingine usiku wa kuamkia Jumatatu. Kijana akiwa na ushahidi kwamba Jumapili usiku alikuwa kazini, umeumbuka bila kosa lako. Dawa yake tunayo kwenye lugha yetu wenyewe: andika "usiku wa Jumamosi tarehe 19 kuamkia Jumapili tarehe 20". Hapo hakuna wa kubisha.

Kama huna daftari karibu na kitanda, jitumie ujumbe mfupi kwenye namba yako mwenyewe au ya ndugu unayemwamini: "muziki umeanza". Ukiisha: "umeisha". Simu itaweka saa yenyewe, na asubuhi unahamishia kwenye karatasi.

Wengine huuliza kuhusu kurekodi sauti. Unaweza kurekodi ukiwa chumbani kwako, dakika moja inatosha, ila usiitegemee sana. Kinasa sauti cha simu hujirekebisha chenyewe: sauti ndogo huikuza na kubwa huipunguza. Besi ya sabufa, ile inayotikisa kitanda, mara nyingi haisikiki kabisa ukiicheza kwenye spika ndogo ya simu. Mwenye nyumba atasikiliza halafu aseme, "Mbona ni kadogo?" Zile programu za simu zinazodai kupima kelele nazo zina shida hiyohiyo. Na usiende kunasa sauti mlangoni wala dirishani kwa mtu. Ukishavuka kizingiti chake, wewe ndiye utakayekuwa na maelezo ya kutoa.

Daftari lilivyosema

Mama alirudi na daftari la kuanzia Jumatatu tarehe 14 hadi Jumapili tarehe 27 Julai. Nakiri nilishangaa, na yeye alishangaa zaidi yangu. Muziki haukuwa kila siku. Alikuwa ameandika siku tano tu, na moja kati ya hizo akaikata mwenyewe. Usiku wa Ijumaa tarehe 18 alisikia muziki, akanyanyuka kwa hasira, akatoka uani. Chumba cha tatu kilikuwa giza na kimefungwa kwa kufuli. Sauti ilikuwa inatoka kwenye sherehe mtaa wa pili. Mwanza yetu hii ya vilima na mawe, sauti ya juu inateremka na ya chini inapanda, na ukiwa kitandani huwezi kujua imetoka wapi. Lau angeandika bila kutoka nje, angemsingizia mtu ambaye hakuwepo.

Zikabaki siku nne. Alhamisi mbili na Jumamosi mbili. Tulipojumlisha saa, zilifika 11. Usiku wa Jumamosi tarehe 19 muziki uliisha saa 8:10, naye anaamka saa 10, kwa hiyo alibakiwa na saa moja na dakika 50 za kulala kabla ya kwenda Mwaloni kusimama na beseni.

Hapo unaona jambo: siku nne zenye saa kamili zina nguvu kuliko "kila siku". Kila siku ni kilio. Siku nne zenye saa ni kitu ambacho mwenye nyumba anaweza kumuuliza mtu.

Barua yenyewe

Tuliandika kwa mkono, ukurasa mmoja. Naiweka hapa kama ilivyotoka, isipokuwa majina.

Kirumba, Ilemela,
Mwanza.
28 Julai 2025

Kwa Mzee (jina),
Sengerema.

YAH: SAUTI YA MUZIKI USIKU KATIKA NYUMBA YAKO YA KIRUMBA

Shikamoo mzee. Husika na mada tajwa hapo juu.

Mimi ni mpangaji wako wa chumba cha nne kutoka getini. Kuanzia tarehe 14 hadi 27 Julai niliandika kila usiku sauti ninazozisikia nikiwa chumbani kwangu. Kwa siku nne kati ya siku hizo 14 nilisikia muziki kutoka upande wa chumba cha tatu, kama ifuatavyo:

Usiku wa Alhamisi tarehe 17 kuamkia Ijumaa tarehe 18, saa 5:20 hadi saa 7:45.
Usiku wa Jumamosi tarehe 19 kuamkia Jumapili tarehe 20, saa 4:50 hadi saa 8:10.
Usiku wa Alhamisi tarehe 24 kuamkia Ijumaa tarehe 25, saa 5:35 hadi saa 7:30.
Usiku wa Jumamosi tarehe 26 kuamkia Jumapili tarehe 27, saa 5:05 hadi saa 8:25.

Siku nyingine zote hapakuwa na muziki kutoka upande huo. Sauti ninayoisikia zaidi ni besi, nayo inatikisa kitanda kilicho kwenye ukuta wa kati. Maneno ya nyimbo yanasikika pia, kwa kupitia juu ya ukuta. Huwa naamka saa 10 alfajiri kwenda kazini, na kwa siku hizo nne sikuweza kulala mpaka muziki ulipoisha.

Ujumbe niliokutumia kabla ya huu ulikuwa na maneno kuhusu mwenzangu ambayo sina uhakika nayo. Naomba uyaache, nami nimeyaondoa.

Ombi langu ni kwamba uzungumze na sisi wote wawili, ili kuanzia saa 4 usiku sauti isivuke ukuta. Nitashukuru kupata jibu lako kabla ya tarehe 10 Agosti. Daftari ninalo, ukifika utaliona.

Mpangaji wako,
(jina, sahihi, namba ya simu)

Barua imeisha hapo. Ngoja nieleze vipande vichache, maana havikuwekwa kwa bahati.

Jirani hakutajwa kwa jina. Umetajwa upande ambako sauti ilitoka. Si kwa kuogopa. Mama anajua sauti ilitoka upande gani, lakini hajui nani alikuwa ameshika rimoti usiku ule. Pengine ni mgeni, pengine ni mdogo wake. Ukisema "kutoka upande wa chumba cha tatu" umesema kweli tupu, na mwenye nyumba anajua nani anakaa humo.

Ile aya ya kuondoa maneno ya kwanza, mama aliikataa mwanzoni. "Niombe msamaha tena mimi?" Nikamwambia si msamaha kwa muziki, ni kuitoa bangi barabarani ili muziki upite. Kama hujawahi kutuma ujumbe wa matusi, aya hiyo huihitaji. Ukiwa ulishatuma, bila aya hiyo barua yako nzuri itasomwa pamoja na ile mbaya.

Ombi ni moja na lina tarehe. Halisemi "mfukuze", wala halisemi "chukua hatua", maneno ambayo kila mtu anayatafsiri anavyotaka. Linasema sauti isivuke ukuta kuanzia saa 4 usiku. Saa hiyo hatukuibuni. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zinahesabu usiku kuwa ni kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kiwango cha sauti kinachoruhusiwa kwenye makazi ni kidogo zaidi wakati huo.

Sheria hatukuiweka ndani ya barua. Barua ya kwanza ikianza na vifungu, mwenye nyumba anaisoma kama vitisho. Lakini ni vizuri ujue kwa nini unamwandikia yeye. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inamtaka mwenye nyumba amwache mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti akae kwa utulivu, bila kusumbuliwa na yeye mwenyewe wala na mtu anayedai haki kupitia kwake. Wanasheria wanaweza kubishana jinsi maneno hayo yanavyomgusa mpangaji mwenzako. Hata hivyo uangalie na mkataba wako: nyumba nyingi zina mstari wa kukataza kelele, na watu hatuusomi mpaka siku ya ugomvi.

Na jambo moja usilifanye: usizuie kodi ili kumshinikiza. Ukizuia kodi, mwenye makosa umekuwa wewe, na kelele hazitazungumzwa tena.

Namna ya kuifikisha

Mama aliandika nakala mbili. Moja ilikwenda Sengerema kwa mkono wa ndugu aliyekuwa anavuka, na ya pili mzee aliiandika "nimepokea", akaweka sahihi na tarehe, ikarudi. Kama huna mtu wa kumtuma, tuma kwa ujumbe mfupi. Ufupishe, kwa mfano hivi: "Shikamoo mzee. Ni mpangaji wa chumba cha 4 Kirumba. Kati ya tarehe 14 na 27 Julai nimesikia muziki toka upande wa chumba cha 3 siku 4, mpaka saa 7 au 8 usiku. Tarehe na saa ninazo. Naomba uzungumze nasi kabla ya 10 Agosti."

Ujumbe wa sauti wa Watsapu siupendekezi. Ukiwa na usingizi wa saa mbili, sauti yako itasikika na hasira hata kama maneno ni mazuri. Na usiutume kwenye kundi la wapangaji. Barua ni kwa mwenye nyumba, kwake peke yake.

Andika kila barua ukijua kuwa jirani ataisoma. Hiyo ndiyo kipimo changu. Yule mzee alituma ujumbe wa kwanza, na barua hii nayo aliipiga picha akaituma vilevile! Tofauti ni kwamba safari hii kijana hakuwa na neno la kulipigania.

Mzee alipofika

Alikuja Jumapili tarehe 3 Agosti. Akakaa uani, akawaita wote wawili, akaomba daftari. Kijana alisoma tarehe zile akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hizo ni siku zangu za mapumziko."

Ni mlinzi wa usiku. Siku tano kwa wiki anakesha kazini, na Alhamisi na Jumamosi yuko nyumbani. Mwili wake umezoea kuwa macho usiku, kwa hiyo saa 5 kwake ni kama saa 5 ya mchana kwetu. Hakuwa akimkomoa mtu. Naye akatoa lake: akirudi asubuhi na kulala, mama akitoka Mwaloni saa 4 anapanga mabeseni ya bati nje ya dirisha lake na watoto wanacheza hapohapo. Hajawahi kulalamika kwa mtu. Mama hakuwa analijua hilo, na hakuna ambaye angelijua kama kikao kile kingekuwa kikao cha bangi.

Kisha mzee aliingia chumba cha nne akatazama juu. Nyumba zetu nyingi za kupanga, kuta za kati zimeishia usawa wa lenta na hakuna dari. Juu pako wazi mpaka kwenye bati. Hata ukuta uwe wa tofali nene kiasi gani, maneno ya wimbo yanapita juu kama maji yanavyopita juu ya kizingiti. Huko hakuna mpangaji anayeweza kutengeneza, ni kazi ya mwenye nyumba. Kama barua ingemtaja mtu badala ya sauti, mzee asingetazama juu.

Besi ni habari nyingine. Ile hupita ndani ya ukuta na sakafu. Sabufa ilikuwa imewekwa chini, kwenye kona, imeegemea ukuta wa chumba cha nne, mahali ambapo besi huongezeka zaidi. Waliihamishia upande wa pili wa chumba, wakaiinua juu ya kipande cha godoro, kijana akapunguza kitufe cha besi. Jaribio likafanyika palepale: mama akaingia chumbani kwake akafunga mlango, kijana akawasha, wakapandisha na kushusha mpaka mama akasema hasikii kitu. Wakaweka alama ya wino kwenye kitufe. Kwangu mimi alama ile ya wino ni bora kuliko ahadi, kwa sababu "nitapunguza" kila mtu ana kipimo chake. Mabeseni yakahamia ukuta wa choo. Mzee akasema ataongeza tofali kufunga uwazi wa juu akipata fedha za kodi ya Septemba.

Kama mwenye nyumba hajibu

Mpe mpaka tarehe uliyoandika, kisha mwandikie mara ya pili ukirejea barua ya kwanza na kuongeza tarehe mpya. Akinyamaza tena, chukua nakala ya barua na daftari uende kwa mwenyekiti wa mtaa. Kijijini ni mwenyekiti wa kitongoji. Mara nyingi ataita kikao cha usuluhishi, na mwenye tarehe mkononi husikilizwa haraka. Ikishindikana, kuna Baraza la Kata, na kuna ofisa mazingira wa halmashauri, ambaye kwa Kirumba ni wa Manispaa ya Ilemela. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, nalo linapokea malalamiko ya kelele, ingawa kazi yake kubwa imekuwa kwenye baa, kumbi na viwanda. Sabufa ya chumba kimoja kwa kawaida huishia mtaani.

Yote niliyoeleza ni kwa ajili ya kelele. Kama unachosikia usiku ni mtu anapigwa, au mtoto analia kwa namna inayokutia hofu, usifungue daftari la siku 14 wala usimsubiri mwenye nyumba. Piga polisi namba 112, au kwa mtoto piga 116, usiku huohuo. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Hapo pia sema ulichosikia na mahali ulipokisikia. Huhitaji kujua nani ni nani ndani ya chumba.

Mama alipita tena studio mwishoni mwa Agosti akiwa na mfuko wa dagaa wa kutugawia. Daftari bado analo. Wiki tatu zilipita kimya, kisha Jumamosi ya tarehe 23 muziki ukavuka ukuta kuanzia saa 6:10 mpaka saa 6:40. Safari hii hakumwandikia mzee. Alimtumia kijana mwenyewe ujumbe: "Mdogo wangu, nasikia besi, naona imepita alama." Akajibiwa, "Samahani mama, kuna mgeni aliigusa," na muziki ukashuka. Tofali za juu zilikuwa bado hazijaongezwa, na Septemba ilikuwa bado haijaingia.